Maswali na majibu: CG kwenye nondo ya nukta tatu

Shikamoo mwalimu. Tumefundishwa kwamba CG, yaani njia ya conjugate gradient, inatafuta jibu la Ax = b ndani ya nafasi inayokua kila hatua. Nafasi gani hiyo, na inakua vipi? Mimi naona herufi tu. (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba. Tuchukue kipande cha nondo. Ncha zote mbili zimeshikiliwa kwenye nyuzi 0, katikati kuna nukta tatu ambazo joto lake hatulijui, na moto umewekwa chini ya nukta ya kwanza peke yake. Sharti la kila nukta ni moja: mara mbili ya joto lake, ukitoa joto la majirani zake, ni sawa na moto iliopewa. Hapo A ina 2 kwenye ulalo na −1 pembeni mwake, na b = (1, 0, 0).

A hii ni linganifu, na xᵀAx ni chanya kwa x yoyote isiyo sifuri. Ndiyo maana kipimo φ(x) = ½xᵀAx − bᵀx kina umbo la bakuli lenye kitako kimoja tu, na kitako hicho ndicho jibu la Ax = b. Kutatua mlinganyo na kutafuta kitako ni kazi moja.

Anza na x = (0, 0, 0). Masalio, yaani r = b − Ax, ni (1, 0, 0). Nafasi ya kwanza ni kila unachokipata kwa kurefusha au kufupisha r hiyo, kwa hiyo nukta ya kwanza tu ndiyo ina ruhusa ya kubadilika. Mahali pa chini kabisa hapo ni (1/2, 0, 0). Sasa zidisha r kwa A: unapata (2, −1, 0). Jirani wa pili ameingia, nafasi imekuwa ya vipimo viwili, na pa chini kabisa ni (2/3, 1/3, 0). Zidisha tena kwa A, nukta ya tatu inaingia, unafika (3/4, 1/2, 1/4). Hilo ndilo jibu. φ imeshuka kutoka 0 hadi −1/4, kisha −1/3, kisha −3/8.

Itazame vizuri ile (2/3, 1/3, 0). Ni jibu sahihi kabisa la nondo ambayo nukta yake ya tatu imelazimishwa kubaki 0. Kila hatua CG inakupa jibu bora kuliko yote yanayowezekana ndani ya r, Ar, A²r na kuendelea, kwa kadiri ulipofikia. Moto ungekuwa chini ya nukta zote, nafasi hizo zisingeonekana kwa macho kirahisi hivi, lakini utaratibu ni uleule.

Kama r ndiyo inaonyesha mteremko mkali kuliko yote, kwa nini tusishuke nayo tu? Hiyo p, mwelekeo ambao CG inaufuata badala yake, ni ya nini? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Jaribu kwenye nondo hiyohiyo. Baada ya hatua ya kwanza masalio ni (0, 1/2, 0): nukta ya kwanza imeridhika, ya pili inalalamika. Ukishuka na r moja kwa moja unafika (1/2, 1/4, 0), na masalio mapya ni (1/4, 0, 1/4). Umeituliza ya pili, ya kwanza imeanza kulalamika upya. Hatua inayofuata utairudia, na utarudiarudia hivyo muda mrefu.

CG inachukua r na kuiongezea kipande cha mwelekeo uliopita: p = (0, 1/2, 0) + ¼(1, 0, 0) = (1/4, 1/2, 0). Zidisha kwa A upate (0, 3/4, −1/2). Iangalie hiyo sifuri ya mwanzo: unaweza kusogea na p hii umbali wowote, nukta ya kwanza haitajua. Kazi ya jana haiharibiwi na ya leo. Hiyo ndiyo maana ya sharti kwamba mwelekeo mpya p na wa zamani q vitoe pᵀAq = 0. Na uzuri wake, ukiutimiza kwa mwelekeo mmoja uliopita, iliyotangulia yote inatimia yenyewe kwa sababu A ni linganifu. Huna haja ya kuhifadhi historia. Anza na p = r.copy() na rr = r @ r, kisha rudia:

```
Ap = A @ p
alfa = rr / (p @ Ap)
x += alfa * p
r -= alfa * Ap
rr2 = r @ r
p = r + (rr2 / rr) * p
rr = rr2
```

Programu yangu ya joto ina tabia ya ajabu. Ncha zikiwa 0 inafika vizuri. Nikiweka ncha moja nyuzi 20, majibu yanayumba. Naanza na x = 0 mara zote. (Moshi)

Nadhani ncha umeiweka ndani ya A: safu mlalo yake umeifanya iwe 1 peke yake na b yake 20, lakini jirani bado ana −1 kwenye safu wima ya ncha hiyo. A yako si linganifu tena.

Chukua nukta moja kati ya ncha ya 0 na ncha ya 20. Jibu ni 10, mtoto wa shule anaona. Kwa mpangilio wako A = [2 −1; 0 1] na b = (0, 20). Hatua ya kwanza inatoa (0, 20), ncha imekaa sawa. Hatua ya pili inatoa (10, 30)! Ncha uliyoisema ni 20 imepelekwa 30, na kwa vitu viwili visivyojulikana hatua mbili zilipaswa kumaliza kazi.

Ulipoweka 0 ulisalimika kwa sababu x = 0 tayari ilikuwa na thamani sahihi za ncha. Masalio ya ncha yakawa sifuri tangu mwanzo, na CG haikuwahi kuigusa sehemu iliyoharibika. Dawa: hamishia 20 upande wa b wa jirani, kisha futa ncha kabisa. Unabaki na 2x = 20.

Kupima kama A ni linganifu, chagua vekta mbili za kubahatisha u na v, linganisha uᵀAv na vᵀAu. Zikipishana zaidi ya makosa madogo ya desimali, usiendelee. Pia chapisha pᵀAp: alama yake ikibadilika njiani, bakuli halipo.

Urefu wa r unapanda na kushuka. Nina kosa? (Usa River)

Si lazima. CG haiahidi kwamba r itapungua kila hatua, inaahidi φ. Chapisha −½xᵀ(b + r), ambayo ni φ yenyewe bila kuzidisha A tena. Hiyo ikipanda, hapo tafuta kosa.

Nina gridi ya 500 kwa 500. Nisubiri hatua 250,000? (Tengeru)

Hapana. Hestenes na Stiefel walipoichapisha mwaka 1952 walionyesha kwamba kwa hesabu kamili hatua hazizidi idadi ya visivyojulikana, lakini kompyuta inakata desimali na ile pᵀAq = 0 inachakaa polepole, kwa hiyo usiitegemee namba hiyo kwa namna yoyote. Kinachoamua ni uwiano wa thamani kubwa na ndogo ya aigeni ya A. Kwa gridi yako ya joto uwiano huo ni kama 100,000, kipeuo chake cha pili ni kama 320, na kupunguza kosa mara milioni, likipimwa kwa A, hakutazidi hatua 2,300 hivi. Ukigawa gridi iwe 1,000 kwa 1,000, hatua zinakuwa maradufu tu, ingawa kila hatua ni nzito mara nne. Ila hifadhi namba zisizo sifuri peke yake, zisizozidi tano kwa kila safu mlalo. Ukiiandika A yote ya 250,000 kwa 250,000, inataka gigabaiti 500 za kumbukumbu.