Sauti inatrendi, lakini duka la singo liingieje?

Wenye biashara wengi hapa Unguja wakiona sauti imeshika TikTok huniuliza, "Mbona sie hatuingii?" Na mie huwarudishia swali: kwako wewe, nani anayetoa pesa? Mpaka hilo lijibike, idadi ya watu walioitumia hiyo sauti hainisaidii kitu.

Chukua duka moja dogo la udi, marashi na singo lililo vichochoroni Mji Mkongwe, ambalo kurasa zake nazisimamia pamoja na binti wa mwenye duka. Singo yao, ile ya kumsugulia bi harusi mwili, wanaitengeneza wenyewe kwa asumini, mlangilangi, mawaridi, liwa na karafuu kidogo. Anayeiona video mara nyingi ni bi harusi mtarajiwa. Yeye huituma WhatsApp kwa mama yake au kwa somo wake, na yule mkubwa ndiye anayepiga simu kuulizia bei. Kwa hivyo kila tunachokirusha lazima binti aweze kumtumia mama yake bila kuona haya. Kwa duka hili, hicho ndicho kipimo cha mwanzo, na kinazichuja sauti nyingi kabla hatujafika mbali.

Kuna wakati binti aliniletea sauti mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa chalenji ya kucheza: wafanyakazi wawili wasimame mbele ya kabati la udi, wakate viuno, maandishi juu yaseme "singo mpya imefika". Ya pili ilikuwa na kimya kifupi kisha ngoma inaanguka, na watu waliitumia kuonesha kitu kibichi halafu kile kile kikiwa tayari: unga ukawa mkate, gogo likawa kitanda.

Ile ya kwanza niligonga jina la sauti chini ya video, ukurasa wake ukafunguka. Pale huonekana idadi ya video zilizoitumia, na ile ya mwanzo huwa ina alama ya Original. Watu wengi huangalia idadi wakatoka. Mie hukaa pale: naitazama ya mwanzo, nasoma komenti zake, kisha naangalia nyingine ishirini hivi za siku za karibuni. Kipande cha sekunde chache kinaweza kuwa safi kabisa, huku mzaha wenyewe umejificha kwenye namna watu wanavyokitumia. Hii sauti watu waliifanya ya kumcheka mwanamke aliyeachwa. Hebu fikiria duka la mapambo ya harusi liicheze! Mama wa bi harusi huenda asijue, lakini mashoga wa bi harusi wanajua, na watakaoandika komenti ni hao.

Hata kama maana yake ingekuwa njema, nisingeipitisha. Huwa naizima sauti kabisa na kuitazama video kimya. Hapo nauliza kilichobaki ni nini. Katika chalenji ile wangebaki watu wawili wanacheza, na kabati nyuma yao lingeweza kuwa la simu au la viatu. Singo haimo. Nimeliona hilo kwa duka jingine lililoingia kwa kishindo: watazamaji walikuja wengi, na komenti zikawa "dada wa kushoto anaitwa nani?" Bei hakuna aliyeiuliza. Tena TikTok hupendekeza video kwa kuangalia nani amevutiwa na nini. Ukivuta umati wa wapenda dansi, usishangae video yako ya udi wiki inayofuata ikipelekwa kwa watu wale wale, nao wakaipita kwa kidole.

Ya pili ilinipendeza. Ukiizima, bado unaona asumini ikigeuka singo. Tatizo lake likawa jingine: ulikuwa wimbo maarufu wa msanii, na akaunti ya duka ni ya biashara. Akaunti za biashara TikTok huchagua muziki kutoka Commercial Music Library, yaani nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, na wimbo ule haukuwamo. Wapo wanaokushauri urudi kwenye akaunti ya kawaida ili upate nyimbo zote. Simshauri mtu hivyo. Ruhusa ya muziki kwa akaunti ya kawaida ni ya kujifurahisha, na video ya kuuza singo ni tangazo hata ikirushwa na akaunti gani. Siku moja utaikuta imenyamazishwa, au mwenye wimbo anakudai.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hawalioni. Mara nyingi kinachotrendi ni umbo la video, na sauti ni nguo yake tu. Umbo halina mwenyewe. Tukachukua kile kimya na ule mshindo, wimbo tukauacha. Sekunde za mwanzo, viganja viwili vinamimina asumini na mawaridi kinuni, hakuna sauti yoyote. Kisha mchi unaanguka, na mdundo wa kutwanga ndio ukawa ngoma yetu. Mdundo wa mwisho unakata picha, unaona singo iliyokandwa kwa marashi ikipakwa kwenye mkono wenye hina. Uso wa mtu hauonekani popote, kwa sababu mwenye duka hataki, na hilo halijadiliwi.

Kuna gharama, nisikufiche. Ukiacha sauti yenyewe hutokei kwenye ukurasa wake, na watazamaji watapungua. Video ile haikufika mbali kama zinavyofika za dansi. Lakini mie nilikuwa natazama vitu vingine: waliohifadhi, waliowatumia wenzao, na waliotoka kwenye video wakaingia kwenye ukurasa wa duka. Dukani nako tuliweka desturi ya kumuuliza kila anayepiga simu, "Umetupatia wapi, mama?" Walioanza kujibu "binti yangu kanitumia video ya kinu" ndio walionionesha kuwa tumepatia. Kama watazamaji wanapanda huku simu na maswali ya bei vimelala pale pale, basi umeburudisha watu bure.

Usiligeuze hili kuwa sheria ya kwamba dansi ni mbaya. Sauti ile ile ya kucheza, kama haina kejeli ndani, ningempa mwenye skuli ya kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara baharini, kule Paje bila kusita. Mteja wake ni kijana wa nje anayechagua pa kwenda, na walimu wanaocheza mchangani ndio hasa anachokinunua: upepo, jua na watu wachangamfu. Sharti langu kwake lingekuwa moja: kina mama wanaovuna mwani nyuma wasiingie kwenye picha bila kuombwa. Wao hawako kwenye chalenji yake.

Kalenda nayo ina neno. Ramadhani sauti za ngoma tunaziweka kando kwenye kurasa zote ninazozishika, hata ya skuli ya kaiti. Sauti nyingi huwa zimekwisha makali kabla ya Idi, basi ziende. Shaabani, harusi zinapokimbizana, ndipo duka la singo linapohitaji video kila baada ya siku chache, na hapo sina muda wa kubishana na sauti. Ikiwa baada ya siku mbili bado tunavutana kama inatufaa au haitufai, tunaiacha na kurudi kinuni.

Na ikiwa video imeshatoka na komenti zimegeuka matusi, usikimbilie kuifuta. Ifiche iwe ya kuonekana na wewe peke yako, kisha kaa uangalie takwimu zake: watazamaji walikuwa wa wapi, na waliondoka sekunde ya ngapi. Ukiifuta, takwimu hizo zinaondoka nayo, na sauti ijayo utaanza kuibishania upya.