Nyumba ya Katuba

"Papa, kwa nini kila mwezi unawapa baba mkubwa na shangazi pesa, na nyumba ya Katuba ni ya kwako?"

Mwanangu,

Bado haijawa yangu. Babu yako alipokufa, bibi yako alikuwa ametangulia, na upande wa babu hakubaki mzazi wala ndugu. Tulibaki sisi watoto. Baba yako mkubwa akaamini kwamba kwa kuwa ni yaya, mkubwa wetu, yeye ndiye mwenye lupango. Mimi niliamini ni mimi, kwani nilibaki humo nikimwogesha mzee miaka minne.

Siku moja mtu akaja na kamba ya kupimia. Kumbe yaya alikwisha kupokea avansi yake, dola 1,000. Nilibadilisha kufuli, tukatukanana barabarani mbele ya majirani, na miezi minane hatukusalimiana. Hilo linaniuma hadi leo.

Mnunuzi alipokwenda kwa mtunza hati za ardhi, akaambiwa cheti kina jina la marehemu, hakibadilishwi bila saini za warithi wote. Akarudi kudai avansi yake. Hapo ndipo yaya alipokubali tumwite mjomba, ndugu wa bibi yako, ambaye hakuwa na fungu lolote katika mali ile.

Neno la kwanza la mjomba lilikuwa: "Dada yenu yuko wapi?" Tuliinamisha vichwa wote wawili. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inampa mtoto mkubwa kazi ya kusimamia mirathi, haimpi nyumba, na watoto hugawana sawa, wa kiume na wa kike.

Kila mmoja wetu alileta fundi wake, wakaafikiana kwamba nyumba ni ya dola 15,000. Yaya alionyesha risiti za mabati na mbao alizonunua baada ya kifo, 1,500. Hizo zikatolewa kwanza, ni zake. Zilizobaki tukazigawa kwa tatu: 4,500 kila mtu. Basi nikitaka kubaki na nyumba, yaya nimpe 6,000, shangazi yako 4,500.

Nikataja ile miaka minne. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hiyo ulimpa baba yako, hukuwakopesha hawa."

Sikuwa na pesa hizo. Tukaandika mapatano, tukayasaini wote watatu mbele ya notari: yaya 100 kwa mwezi, shangazi yako 75, miezi 60. Cheti anakitunza shangazi yako, na jina halibadilishwi mpaka malipo ya mwisho.

Yaya aliomba jambo moja: mlango wa mbele, ambao babu yako aliuchonga mwenyewe, usiondolewe. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Imebaki miezi kumi na moja. Mwezi uliopita alipokuja kupokea, alikaa nami chini ya mwembe mpaka giza likaingia.

Papa yako