Mpira kwanza, mrukaji baadaye

Ukitaka kujifunza katuni, usianze na mtu. Anza na mpira, kwa sababu hauna nia yoyote: kila badiliko la umbo lake lina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole.

Tuseme fremu ni 24 kwa sekunde, na mpira unadondoka kutoka fremu ya 1 hadi ya 11. Hapo umeshuka kama sentimita 85. Nusu ya kwanza ya muda hushuka robo tu ya njia, kwa hiyo michoro inasongamana juu na kuachana karibu na ardhi. Kule juu uache mviringo. Kwenye fremu ya 10, ukiwa kasi, urefushe kidogo kufuata njia yake. Kwenye fremu ya 11, baada ya kugusa ardhi, ubonyeze: kimo 0.8, upana 1.25. Zidisha namba hizo, jibu ni 1, yaani mpira haujapungua wala kuongezeka. Kwenye Blender, programu ya katuni za 3D, ambako una pande mbili za mlalo, kila upande uwe takriban 1.12. Wanafunzi wengi hupunguza kimo na kusahau upana, na mpira unaonekana unasinyaa. Kosa jingine ni kuubonyeza kabla haujagusa ardhi. Fremu ya 12 uwe tayari umerefuka ukipaa. Ukikaa umebonyea fremu tano, unageuka donge la unga. Na kama ni tufe la chuma, usilibonyeze kabisa.

Sasa mchukue msichana mwenye msuko mrefu, anaruka juu papo hapo. Huyu hasukumwi na ardhi tu, anaamua mwenyewe, na uamuzi huo lazima uonekane kabla hajapaa. Mpe fremu kama 8 za kujiandaa: nyonga zishuke, mgongo uiname, mikono irudi nyuma. Kisha fremu 2 za kunyooka, vidole vya miguu vikiwa bado chini. Kunyooka huku kutoke kwenye magoti, nyonga na mgongo. Fuvu liache lilivyo. Akikaa hewani fremu 12, nyayo zimepanda kama sentimita 30.

Akitua, magoti yanakunjika na nyonga zinashuka, lakini msuko bado uko juu. Unaanguka fremu 2 au 3 baadaye, unapita mahali pake, unarudi, ndipo unatulia. Mimi hukagua kwa kuitazama ncha ya msuko peke yake. Ikigeuza mwelekeo fremu ileile kichwa kinapogeuza, msichana ni wa mbao. Dawa yake kwenye Dope Sheet, dirisha la Blender linalopanga alama za mwendo kwa fremu, ni kuchagua alama za mfupa wa kwanza wa msuko, kubonyeza G na kuzisogeza fremu 2 mbele, mfupa wa pili fremu 4, wa tatu fremu 6. Mikono nayo ichelewe, ila si kama msuko, maana ina misuli inayoishika.