Sesheni ya SSH ikiganda njiani: usiitibu kabla hujajua kinachoiua

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa na hasira, na ana haki. Alikuwa kwenye treni ya SGR kutoka Dar kwenda Dodoma, kompyuta imeunganishwa na hotspoti ya simu, anarudisha bekapu ya duka la mteja kwenye seva iliyoko Ujerumani. Treni ilipofika kwenye mahandaki ya Kilosa, skrini ikaganda, halafu SSH ikajifunga yenyewe. Alipoingia tena, `mysql` haikuwepo na majedwali yalikuwa nusu. "Kaka, nimeweka `ServerAliveInterval 5` kama kila mtu anavyoshauri. Mbona ndiyo inakatika zaidi?"

Inakatika zaidi kwa sababu ya hiyo 5. Watu wananakili mstari huo bila kuuliza unatibu nini, kisha wanalaumu mtandao. Kuganda kwa sesheni kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa nje, na dawa ya moja huongeza makali ya jingine.

Ugonjwa wa kwanza unakupata ukiwa umekaa kimya. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na mtambo wao wa NAT unatunza jedwali: muunganisho huu ni wa simu ile. Mstari usiopitiwa na kitu kwa muda fulani hufutwa ili kutoa nafasi. Wewe ulikuwa unasoma faili, hukubonyeza kitufe kwa dakika kadhaa. Ukija kubonyeza, pakiti zako zinafika kwenye mtambo usiokujua tena, na mara nyingi zinatupwa bila taarifa. Mwongozo wa RFC 5382 wa mwaka 2008 unataka muunganisho wa TCP uliotulia uachwe angalau saa 2 na dakika 4, lakini mitandao mingi ya simu haina subira hiyo. Ndiyo maana `TCPKeepAlive yes`, ambayo tayari imewashwa kwenye SSH, haikusaidii: kwenye Linux husubiri sekunde 7200, yaani saa 2 kamili, kabla ya kutuma hata pakiti moja.

Ugonjwa wa pili unakupata ukiwa unafanya kazi. Mawimbi yamepotea kwa dakika moja, au simu imehama kutoka waifai kwenda data. Hapa jedwali la NAT halina kosa.

Kutofautisha ni rahisi. Kaa mahali penye mtandao mzuri, zima kipigo cha SSH, yaani salamu inazoituma seva kila baada ya muda, kisha iache seva ikae kimya na baadaye iseme neno moja:

```
ssh -o ServerAliveInterval=0 juma@203.0.113.10
sleep 240; date
```

Tarehe ikitokea baada ya dakika 4, rudia kwa 480, halafu 960. Siku tarehe isipotokea huku kurasa za wavuti zikifunguka vizuri, umeupata ukomo wa NAT ya laini yako. Hakikisha tu kwamba seva nayo haijawashiwa `ClientAliveInterval`, maana itakudanganya kwa kupiga hodi upande wake.

Sasa hesabu ya yule msomaji. `ServerAliveInterval 5` inamaanisha kila sekunde 5 za ukimya, programu ya SSH inaiuliza seva: upo? `ServerAliveCountMax` hakuiandika, kwa hiyo imebaki 3. Maswali matatu yasipojibiwa, SSH inakata yenyewe. 5 mara 3 ni sekunde 15. Treni ikikosa mawimbi kwa sekunde 20 tu, muunganisho ambao TCP ingeushikilia na kuufufua nje ya handaki umeshauawa na SSH yenyewe. Mbaya zaidi, mawimbi yakirudi, kompyuta inafikisha kwa seva taarifa ya kufunga. `sshd` inafunga terminali, sheli inapokea ishara ya `SIGHUP`, nayo inaipitisha kwa kila kilichokuwa kinaendeshwa pale. Ndivyo `mysql` ilivyokufa katikati ya jedwali.

Namba hizi mbili zina kazi tofauti. Ya kwanza ni ya NAT: iwe ndogo kuliko ukomo ulioupima. Ya pili ni ya uvumilivu wako.

```
Host duka
    HostName 203.0.113.10
    User juma
    ServerAliveInterval 60
    ServerAliveCountMax 10
```

Hii iko kwenye `~/.ssh/config` ya kompyuta yako, na inavumilia kama dakika 10. Kuipandisha zaidi ya dakika 15 hakuna faida, kwani hapo kernel ya Linux yenyewe hukata tamaa ya kurudia kutuma. Na ukitoka kwenye giza, usiharakishe kufunga dirisha. TCP hurudia kutuma kwa vipindi vinavyoongezeka maradufu, hivyo baada ya dakika moja bila mawimbi, jaribio linalofuata linaweza kuwa mbali kwa karibu dakika nyingine. Intaneti imerudi, kurasa zinafunguka, SSH bado imenuna, iache. Ukiamua kweli kutoka, bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. Alama hiyo hufanya kazi mwanzoni mwa mstari tu, ndiyo maana Enter inatangulia.

Kuna jambo moja ambalo namba yoyote hailiwezi: anwani ya IP ikibadilika. Muunganisho wa TCP unatambulika kwa anwani na bandari za pande zote mbili. Ukihama kutoka waifai ya ofisini kwenda data ya simu, kwa seva wewe ni mtu mwingine kabisa. Hapo hakuna cha kufufua.

Kwa hiyo kazi isikae mikononi mwa muunganisho. Ukabidhi kwa tmux, programu inayokaa kwenye seva na kushikilia sheli zako hata ukikatika. Ukishaingia kwenye seva, jambo la kwanza ni hili:

```
tmux new -A -D -s kazi
```

`-A` inasema: kama sesheni iitwayo kazi ipo, niingize humo, kama haipo, itengeneze. `-D` inamtoa yeyote aliyeunganishwa humo, na mara nyingi huyo ni mzimu wako mwenyewe wa dakika tano zilizopita, ambao seva bado inaamini uko hai. Kwenye tmux za zamani mzimu huo huonekana waziwazi: dirisha linabanwa kuwa dogo, pembeni kumejaa nukta, kwa sababu uliingia kwa simu na tmux bado inafuata upana wa kioo cha simu.

Anzisha urejeshaji ndani ya tmux. SSH ikikatika, `SIGHUP` inaishia kwa mteja wa tmux tu. Sheli yako iko chini ya seva ya tmux, na `mysql` haijui kama kuna handaki duniani. Ukirudi unaandika amri ileile na kuikuta pale ilipofika. Ukitaka kutoka kwa hiari, Ctrl-b kisha d.

Tmux haivuki seva kuwashwa upya. Pia kuna mifumo ambapo systemd huua kila kitu cha mtumiaji anapotoka. Dalili ni kwamba `tmux ls` inasema hakuna seva ingawa mashine haikuzimwa. Angalia `KillUserProcesses` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Ubuntu na Debian huiacha `no`, ila usibahatishe kwenye seva uliyokabidhiwa na mtu.

Tmux imeokoa kazi, lakini bado unaingia upya kila baada ya kilima. Hapo ndipo mosh inapolipa. Iliandikwa MIT na ikaelezwa kwenye mkutano wa USENIX mwaka 2012, na wazo lake ni kuachana na TCP baada ya mlangoni. Inaingia kwa SSH ya kawaida, inaanzisha `mosh-server` upande wa pili, inapokea ufunguo na namba ya bandari, kisha SSH inafungwa. Kuanzia hapo ni pakiti za UDP zilizofichwa kwa AES. Seva haijali pakiti imetoka IP gani: ikiwa imethibitika kwa ufunguo na ni mpya kuliko zilizotangulia, majibu yanaelekezwa huko ilikotoka. Unatoka waifai, unaingia data, herufi inayofuata inatua palepale. Na kwa kuwa mosh hutuma kipigo kila baada ya sekunde 3, hata NAT yenye haraka haipati nafasi ya kukusahau.

Isakinishe pande zote mbili, fungua bandari, kisha unganisha:

```
sudo ufw allow 60000:60010/udp
mosh duka -- tmux new -A -D -s kazi
```

Mstari wa kwanza ni wa seva, wa pili ni wa kompyuta yako. Kawaida mosh hutumia 60000 hadi 61000. Kumi na moja zinamtosha mtu mmoja. Kosa linalowakwamisha wengi ni kusahau faiawoli ya pili, ile iliyo kwenye paneli ya aliyekukodisha seva. Dalili yake ni hii: pasiwedi inakubaliwa, halafu inatokea `mosh: Nothing received from server on UDP port 60001.` SSH ilipita, UDP imezuiwa. Ukiona malalamiko kuhusu `UTF-8 native locale`, tatizo ni lugha ya mfumo. Kwenye Debian `sudo dpkg-reconfigure locales` inalimaliza.

Ndani ya handaki utaona mstari wa bluu juu ya skrini: `mosh: Last contact 25 seconds ago.` Unaendelea kuandika, herufi zinaonekana zikiwa zimepigiwa mstari chini, maana yake mosh imekisia na seva bado haijathibitisha. Kwa seva iliyoko Ulaya, ukisiaji huo peke yake unatosha kukufanya usirudi nyuma.

Lakini mosh bila tmux ni nusu ya kazi, na hapa nasisitiza. Mosh husawazisha skrini inayoonekana tu, kwa hiyo huwezi kupandisha juu kusoma yaliyopita. Tmux ndiyo inayatunza, mistari 2000 usipobadilisha `history-limit`. Na betri ikiisha au Android ikiiua Termux, programu ya terminali ya kwenye simu, ufunguo umekufa nao na sesheni ile ya mosh hairudi. Tmux ndiyo itakayokupokea. Kwenye Termux endesha `termux-wake-lock` kabla ya kufunga kioo. Mosh iliyoachwa yatima hutajwa unapoingia, pamoja na namba ya mchakato wake. Iue kwa `kill`. Faili na kupitisha bandari, bado ni `scp` na SSH yenyewe, pamoja na zile namba 60 na 10.

Kuhusu database iliyobaki nusu: usiifute kwa hofu. Tazama kwanza bekapu yenyewe:

```
grep -m1 'DROP TABLE' duka.sql
```

`mysqldump` huweka mstari huo kabla ya kila jedwali isipokatazwa. Ukiuona, endesha faili upya tangu mwanzo, safari hii ndani ya tmux, na kila jedwali litafutwa na kujengwa tena. Usipouona, yafute majedwali yaliyoingia kabla ya kurudia, la sivyo utasimamishwa na `ERROR 1050` kwenye jedwali la kwanza kabisa.