Kiti chekundu mlangoni: kuhariri kitu kwenye picha bila kuigusa picha yenyewe

Picha nitakayoitumia kuwaeleza wenzangu mnaoanza kazi hii ni ya mlango wa kuchongwa katika Mji wa Kale hapa Mombasa, niliyoipiga kwa ajili ya mteja mwenye nyumba ya wageni. Kando ya mlango, barazani, kulikuwa na kiti cha plastiki chekundu ambacho mteja alitaka kiondolewe. Nilikiondoa moja kwa moja kwenye picha asili, nikahifadhi faili ya JPEG juu ya ile ya kwanza, nikafunga kompyuta. Baada ya siku kadhaa mteja alinipigia simu kusema kwamba kiti kile ni cha mzee anayekaa hapo kila jioni, na majirani wameuliza kimekwenda wapi. Akaomba kirudi, ila wekundu wake upunguzwe. Orodha ya hatua katika paneli ya History ya Photoshop hufutika mara faili inapofungwa, na JPEG haihifadhi matabaka, kwa hiyo ilinibidi nirudi kwenye nakala iliyobaki ndani ya kadi ya kamera na kuianza kazi upya. Ninaeleza hapa jinsi nilivyoifanya mara ya pili, katika Photoshop, ili faili moja ibebe hali zote mbili, bila kiti na chenye kiti.

Kabla ya kuongeza tabaka lolote nilimaliza kunyoosha mistari iliyopindwa na lenzi na kupunguza chenga za picha. Mambo hayo hutangulia kwa sababu kiraka utakachokibandika baadaye ni pikseli zilizokwisha kunakiliwa. Ukija kunyoosha picha ya chini peke yake, kiraka kitabaki mahali pake na mistari ya mawe haitakutana tena.

Wanafunzi wengi hufundishwa kuanza kwa kunakili tabaka zima la Background. Si kosa, lakini mara nyingi ni mzigo usio na faida. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yenye rangi za biti 8, hubeba takriban megabaiti 72 kwa kila tabaka lililojaa kabla ya kubanwa, na mtu anayenakili tabaka zima kila anapotaka kujaribu jambo hujikuta na faili zito ambalo ndani yake hajui tena nakala ipi ina nini. Mimi niliiacha Background ikiwa imefungwa, nikauzungushia uchaguzi wa Lasso ukuta wa chokaa uliokuwa upande wa kiti, kisha nikabonyeza `Ctrl+J`. Amri hiyo hunakili eneo lililochaguliwa tu na kuliweka kwenye tabaka jipya, nami nikakisogeza kipande hicho hadi kikafunika kiti pamoja na kivuli chake. Pembezoni nilitumia maski, ambayo huficha sehemu za tabaka bila kuzifuta, ili kuufifisha mshono. Sehemu ndogo zilizobaki nilizisafisha kwa Healing Brush kwenye tabaka tupu lililo juu ya kipande, nikiwa nimechagua `Current & Below` katika kisanduku cha Sample ili brashi isome ukuta ulio chini na kuandika kwenye tabaka tupu peke yake. Matabaka hayo mawili niliyaweka katika kundi moja na kuliita "bila kiti".

Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umeziba nakshi za fremu ya mlango. Kwa kuwa fremu ina pande mbili zinazofanana, kishawishi ni kunakili upande wa pili na kuugeuza. Nilijaribu, na kasoro ikaonekana hata kwa picha ndogo: jua lilitoka kushoto, na nakshi zilizogeuzwa zilikuwa zikiangazwa kutoka kulia. Nilichukua badala yake kipande cha fremu ile ile kutoka juu zaidi, bila kukigeuza, nikakiweka katika kundi lile lile.

Kuhusu mwanga wa picha nzima nilitumia tabaka la marekebisho la Curves, ambalo lenyewe halina pikseli za picha. Ni maagizo tu yanayotumika kwa kila kilicho chini yake. Hapa ndipo ninapoona wageni wakipotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme Curves imetia ukuta giza kidogo, nawe unarudi kwenye tabaka la kusafishia lililo chini yake huku Sample ikiwa `All Layers`. Brashi itasoma ukuta uliokwisha kutiwa giza na kuuandika chini ya Curves, nayo Curves itautia giza mara ya pili, hivyo kiraka kitaonekana kama doa la maji. Wengine hukwepa doa hilo kwa kukipandisha kiraka juu ya Curves. Kitakubali kwa siku hiyo, lakini siku utakapoibadilisha Curves, ukuta utabadilika na kiraka kitabaki na rangi ya zamani. Namna ya kujua ni rahisi: zima alama ya jicho iliyo kando ya Curves na uangalie ukuta. Kiraka kizuri hakionekani Curves ikiwa imewashwa wala ikiwa imezimwa. Basi viraka vyote vikae chini, marekebisho ya rangi yakae juu, na Sample ibaki `Current & Below`.

Kwa ombi la mteja la kukirudisha kiti, nililizima jicho la kundi la "bila kiti", na kiti kikarudi na kivuli chake kama kilivyokuwa. Sikukinakili, kwa sababu kitu kinachobadilishwa rangi tu hakihitaji nakala. Nakala ni ya kitu kinachohamishwa au kufunikwa. Nilikichagua kiti, kisha nikaongeza tabaka la `Hue/Saturation`; uchaguzi wenyewe ukageuka kuwa maski, nyeupe penye kiti na nyeusi kwingine. Nikashusha Saturation hadi −55.

Ukingo wa kiti ulibaki na uzi mwembamba mwekundu. Nilibofya maski huku nimeshika `Alt` ili niitazame yenyewe, nikaona kwamba uchaguzi uliishia ndani kidogo ya ukingo. Nikaongeza weupe kwa brashi laini, kisha nikaweka Feather ya pikseli 1 katika paneli ya Properties. Feather ya hapo unaweza kuirudisha sifuri wakati wowote, ilhali ukungu unaotiwa kwa kichujio moja kwa moja kwenye maski huibadilisha maski yenyewe. Ukiona rangi nyeusi imetapakaa kwenye picha badala ya kuficha kitu, ujue ulikuwa unapaka picha na si maski. Angalia fremu inayozunguka kijipicha kabla ya kugusa brashi. Ukitaka kulinganisha, ibofye maski huku umeshika `Shift` ili izimwe kwa muda. Amri ya `Apply Layer Mask` iepukeni, kwani kwenye kiraka hufuta kabisa pikseli zilizofichwa.

Wekundu wa kiti ulikuwa pia umeangukia ukutani, jambo ambalo sikuliona hadi kiti kilipopauka na ukuta ukabaki na haya usoni bila sababu. Hilo lilihitaji `Hue/Saturation` ya pili, iliyowekwa kwenye Reds peke yake, yenye maski iliyopakwa kwa brashi pana na laini.

Faili niliihifadhi kama PSD, na JPEG ya mteja nikaitoa kwa `Save a Copy`. Alipoiona alisema, "Mwanangu, umekipausha mno, mzee atadhani amebadilishiwa kiti." Nilifungua PSD, nikapandisha Saturation ya kiti kutoka −55 hadi −35 na ile ya ukutani kwa kiasi kinacholingana, nikamtumia nakala nyingine kabla hajakata simu.