Mkono, au kukumbatiana?

"Nahamia Unguja kikazi. Mkono niubane kiasi gani, niushike kwa muda gani, na nitajuaje kama mtu anataka kukumbatiwa?"

Usiubane. Atakayekwambia ubane kwa nguvu ana hoja, lakini ni kwa mahojiano ya kazi ofisini. Mzee mpe mkono mwepesi, mkono wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, useme shikamoo na usubiri marahaba. Usiwe wa kwanza kuuchomoa. Atakuuliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, mkono bado ameushika. Akilegeza vidole, nawe achia. Wanaume wenzako wanaweza kukushika hivyo hivyo mkiendelea kupiga soga, wala si ajabu.

Mwanamke usimtangulizie mkono. Akiweka kiganja kifuani, nawe weka chako kifuani, salamu imekwisha. Wengine watakupa mkono bila shida, hasa kazini, kwa hiyo ngoja aanze yeye.

Kumbatio litazame kwenye kiwiko cha anayekusalimu. Kikinyooka na kukaza, anataka mkono tu. Kikikunjika huku akikuvuta na bega likitangulia, msogelee. Siku ya Idi mambo hulegea, ila wanaume kwa wanaume.