Tangazo lisimsukume msomaji aliye katikati ya habari

Jumapili moja nilikuwa Kibosho kwa shangazi. Alifungua tovuti yangu kwenye simu yake asome habari ya bei ya kahawa. Alipofika aya ya pili maandishi yakashuka ghafla, tangazo la mikopo likatokea pale pale kidole chake kilipokuwa, na ukurasa mwingine ukafunguka. Akarudi, yakashuka tena. "Mwanangu, hii habari inanikimbia," akasema, akanirudishia simu.

Iliniuma. Mguso wa namna ile si pato: Google AdSense wakiuona ni wa bahati mbaya hukata fedha yake, na ukizidi wanaweza kuifunga akaunti.

Chanzo ni kwamba maandishi hufika kwanza, tangazo huja sekunde chache baadaye. Kama hukulitengea nafasi, linajipenyeza na kusukuma kila kilicho chini yake. Nilichofanya ni kuchagua tangazo la kimo kisichobadilika, pikseli 300 kwa 250, linaloenea vizuri kwenye simu nyingi, kisha nikaliwekea kisanduku chenye kimo chake tangu mwanzo:

```css
.tangazo {
  min-height: 250px;
  margin: 32px 0;
}
```

Tangazo lisipopatikana, kisanduku kinabaki cheupe. Kiache hivyo hivyo. Ukikikunja msomaji akiwa anasoma, maandishi yataruka kwenda juu na tatizo ni lile lile. Ili kuhakikisha, pima ukurasa wa habari (si ukurasa wa mwanzo) kwa PageSpeed Insights ya Google na utazame CLS, kipimo cha jinsi ukurasa unavyoruka. Isizidi 0.1.

La pili ni idadi. Kanuni za Better Ads Standards, ambazo Chrome inazifuata tangu 2018, zinataka kwenye simu vimo vya matangazo visizidi asilimia 30 ya kimo cha habari nzima. Habari zetu za Moshi ni fupi, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Habari yangu ile ya kahawa ilikuwa na maandishi ya pikseli 1,500, nami nilikuwa nimebandika matangazo manne: 1,000 kati ya 2,500, yaani asilimia 40. Nikabakiza mawili, moja baada ya aya ya tatu, jingine mwishoni kabisa. Sasa ni 500 kati ya 2,000, asilimia 25. Habari ndefu ninaiongezea la tatu, fupi siiongezei.

Menyu ya Kahawa, Usafiri na Michezo nayo niliiondolea tangazo lililokuwa limeigusa kwa chini. Mtu anayetafuta Usafiri kwa kidole gumba, akiwa ndani ya daladala inayoruka mashimo, lazima atakosea. Siku hizi chini ya menyu kinaanza kichwa cha habari, kisha picha, kisha aya tatu nzima ndipo aone tangazo la kwanza.